Kijiko kilichofungiwa kabatini: kisa cha mazungumzo ya usafi kwa wapishi wapya wa shule

Mazingira

Jiko linalozungumziwa hapa ni la shule ya kutwa inayowapikia wanafunzi 400 hivi chakula cha mchana. Jina la shule, mahali ilipo na chochote kinachoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa.

Muhula ulipoanza waliajiriwa wapishi 4 wapya, chini ya mpishi mkuu aliyekuwepo tangu zamani. Wawili walikuwa wamezoea kupikia sherehe, mmoja alitoka mgahawani, na wa nne alikuwa amepika nyumbani tu, ila kwa familia kubwa. Hakuna aliyekuwa mgeni wa sufuria, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Asiyejua kupika hufuata anachoambiwa. Aliyepika miaka kumi bila kumuua mtu huanza kwa kuuliza kwa nini abadilike.

Jiko lenyewe lilikuwa na meko matatu, meza moja ndefu ya kukatia na sinki moja la kuoshea vyombo. Ndoo ya kunawia mikono, yenye koki, iliwekwa nje ya mlango wa nyuma, hatua 15 hivi kutoka mezani. Vitambaa vilikuwa 5 kwa kazi zote. Vijiko vya kulia vilikaa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mpishi mkuu, kwa sababu mwaka uliotangulia vijiko vingi vilipotea.

Mwezeshaji aliombwa azungumze na wapishi hao kwa dakika 25 kabla moto haujawashwa. Mada zilikuwa tatu: kunawa mikono, vitambaa safi, na kuonja chakula kwa kijiko safi.

Yaliyoamuliwa kabla ya kuanza

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoongeza mada ya nne. Mpishi mkuu alitaka pia panya, kuhifadhi nafaka na mpangilio wa stoo viguswe. Mwezeshaji alikataa, akisema katika dakika 25 mtu huondoka na mambo mawili au matatu, na ukimpa kumi huchagua mwenyewe yaliyo rahisi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuanza na mikono, kwa kuwa mkono ndio unaoshika kitambaa na kijiko. Wa tatu ulikuwa kuacha mabango na kuonyesha kwa vitendo. Kwa mikono hilo lilifanyika. Kwa vitambaa na kijiko lilibaki maneno tu, na tofauti hiyo ilionekana baadaye.

Mazungumzo yalivyokwenda

Mwezeshaji alichukua unga laini wa mkaa, akauchanganya na mafuta kidogo ya kupikia, akampaka kila mpishi viganjani na migongoni mwa mikono. Kwanza waliambiwa wanawe kwa maji matupu, wakiwa wamefumba macho. Walipofumbua, mikono ilikuwa nyeusi karibu kama mwanzo. Maji peke yake hayaondoi mafuta, na mikono ya mpishi ina mafuta saa zote, kwa hiyo uchafu ulioshikwa na mafuta hayo hubaki pale pale.

Kisha wakafumba macho tena na kunawa kwa sabuni, kila mmoja kwa mazoea yake. Safari hii viganja viling'aa. Weusi ulibaki sehemu zilezile kwa wote wanne: kidole gumba, ncha za vidole karibu na kucha, na katikati ya vidole. Mmoja, yule wa mgahawani, alikuwa na mstari mweusi chini ya pete. Aliivua bila kuambiwa.

Baada ya hapo hatua zilieleweka haraka. Lowesha mikono, paka sabuni, sugua kwa sekunde 20 angalau: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba kwa kukizungusha ndani ya kiganja cha mkono mwingine, ncha za vidole kwa kuzikwaruza kiganjani, halafu vifundo vya mikono. Suuza kwa maji yanayotiririka, siyo ya beseni, kwa sababu anayenawa wa tatu kwenye beseni anajisuuza kwa uchafu wa wawili waliomtangulia. Kausha, maana mkono uliolowa huhamisha vijidudu kwa wepisi kuliko mkavu.

Mada ya vitambaa ilipewa dakika 5. Waliambiwa kitambaa cha meza kisifute sakafu, vitambaa vifuliwe kila siku, na viloweshwe kwenye maji yenye klorini ya kufulia. Kipimo kilitajwa kwa mdomo: kama chupa imeandikwa asilimia 5, ni mililita 4 kwa kila lita 1 ya maji, yaani mililita 40 kwa ndoo ya lita 10.

Kwenye kuonja ndipo mjadala ulipowaka. Wapishi watatu kati ya wanne walikuwa wakionja kwa kiganja: unachota kwa mwiko, unadondosha mchuzi kiganjani, unalamba, unajifuta kwenye aproni, unaendelea. Mwezeshaji alisema hiyo ni tabia chafu. Mkubwa wao kwa umri, mama aliyekuwa amepikia sherehe nyingi, akamjibu kwa utulivu:

"Mwalimu, huo mchuzi unatokota. Hicho kitakachotoka mdomoni mwangu kitaponea wapi humo?"

Wenzake wakacheka. Mwezeshaji akajibu kwamba hata kama vinakufa, si vizuri kumlisha mtoto wa mwenzio mate yako. Jibu hilo ni la adabu, siyo la jikoni, na yule mama alinyamaza bila kukubali.

Siku ya tatu jikoni

Mwezeshaji alirudi siku ya tatu, akakaa pembeni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Alihesabu kila tukio ambalo mpishi alipaswa kunawa kwa sabuni: baada ya kushika nyama mbichi, kuni, ndoo ya taka, simu, pua au nywele, baada ya kutoka chooni, na kabla ya kugusa chakula kisichopikwa tena. Matukio yalikuwa 31. Waliyonawa yalikuwa 11.

Idadi hiyo ikiachwa hivyo inawaonea. Walipoingia kazini wote walinawa, na walinawa vizuri, kidole gumba pamoja na ncha. Waliotoka chooni walinawa wote. Kilichoruka ni kunawa katikati ya kazi. Mpishi aliyekuwa akikata nyama aliitwa kusaidia kumenya matunda. Akaangalia mlango wa nyuma, akaangalia mikono yake, akaifuta kwenye aproni na kuanza kumenya. Matunda hayaendi motoni, kwa hiyo chochote kilichotoka kwenye nyama ile kilifika kwa mtoto kikiwa hai. Kwa macho ya mwezeshaji, hilo ndilo lilikuwa kosa zito kuliko yote ya asubuhi ile, na lilichukua sekunde mbili.

Vitambaa vilikuwa vimekwisha kufikia saa nne. Viwili vilikuwa vimelowa mchuzi, kimoja kilitumika kushikia masufuria ya moto na kilikuwa na masizi, kimoja kilianguka sakafuni na kikaokotwa, na cha tano kilifuta meza, mikono na ukingo wa sufuria kwa zamu. Klorini ilikuwepo. Mpishi mmoja aliimimina kwenye ndoo ileile yenye maji ya sabuni na vitambaa vichafu, bila kipimo, akasema ina nguvu kwa sababu inanuka. Harufu si kipimo. Klorini hushambulia uchafu wowote inaokutana nao, na ikikuta mafuta na mabaki ya chakula huishia humo kabla haijafika kwenye vijidudu. Ndiyo maana kitambaa hufuliwa na kusuuzwa kwanza, ndipo kiloweshwe kwenye klorini iliyochanganywa siku hiyohiyo kwa maji safi ya baridi.

Kuonja hakukubadilika hata kidogo. Sufuria la maharage lilionjwa mara 9, zote kwa kiganja. Mwezeshaji alipomuuliza mpishi mdogo kijiko kiko wapi, alijibiwa: "Kabatini. Dada mkuu ameenda sokoni na ufunguo."

Mabadiliko na sababu zake

Siku hiyohiyo alasiri, mwezeshaji, mpishi mkuu na wapishi wanne walikaa nusu saa. Mazungumzo hayakurudiwa. Walipanga vitu upya.

Ndoo ya kunawia ililetwa ndani, ikawekwa kwenye stuli mwishoni mwa meza ya kukatia, na beseni chini yake la kupokea maji machafu. Ilibaki shida ya koki. Unaifungua kwa mkono mchafu, unanawa, kisha unaifunga kwa mkono uleule ulio safi na kuuchafua tena. Walikubaliana koki ipakwe povu na kusuuzwa pamoja na mikono kila anaponawa mtu, na anayeshika nyama mbichi afunguliwe na mwenzake. Bomba la kusukuma kwa kiwiko lingekuwa bora, lakini halikuwepo, na jambo la kufanyika kesho asubuhi lilipewa kipaumbele.

Juu ya nyama na matunda walichagua njia iliyo imara kuliko kunawa: matunda yatamenywa na mtu ambaye asubuhi hiyo hashiki nyama kabisa. Jina lake linaandikwa kwa chaki ukutani kila siku.

Vitambaa viliongezwa kutoka 5 hadi 16, vikakatwa kutoka kwenye mashuka ya pamba yaliyochakaa. Kumi vya meza viliachwa vyeupe. Vinne vya kushikia masufuria vilikunjwa mara mbili na kushonwa, vikawa vinene kiasi kwamba hakuna anayevutiwa kufutia meza. Viwili vya sakafu vilitobolewa tundu na kutundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Rangi zilijadiliwa zikaachwa, kwa sababu baada ya mwezi wa masizi na mafuta vyote huwa vya kijivu, ila unene na tundu havibadiliki. Kitambaa cha meza hubadilishwa kila inapoanza kazi mpya mezani na mara tu baada ya kufuta maji ya nyama mbichi. Kilichotumika huingia kwenye ndoo yenye kifuniko, hakirudi mezani.

Klorini iliondolewa kwenye vitambaa. Moto upo kila siku, na kuchemsha hakuhitaji kipimo wala kusoma chupa. Kazi ikiisha vitambaa hufuliwa kwa sabuni, husuuzwa, huchemshwa dakika 10 na kuanikwa mpaka vikauke kabisa. Siku ya kwanza mpishi mmoja alitaka kuvichemsha kwenye sufuria la uji, akazuiwa. Likatafutwa debe la zamani, likaandikwa kwa rangi ubavuni, na kazi yake ni hiyo tu. Vya sakafu havimo ndani yake.

Kwa kuonja, mpishi mkuu alitoa vijiko 12 kutoka kabatini na kuvihesabu mbele ya wote. Vikawekwa kwenye kopo lenye kifuniko kando ya meko, mipini ikiwa juu. Pembeni yake likawekwa kopo la pili, tupu, la vilivyotumika. Utaratibu ni huu: upawa unachota kutoka kwenye sufuria, unamimina kwenye kijiko bila kukigusa, upawa unarudi, kijiko kinaenda mdomoni kisha kwenye kopo la pili. Kila onjo na kijiko chake. Mwisho wa kazi vyote huoshwa na kuhesabiwa, na hofu ya upotevu ikapata jibu bila kufuli.

Pia swali la yule mama lilijibiwa upya, safari hii kwa haki. Mwezeshaji alikiri kwamba kwenye sufuria linalotokota, vijidudu vingi kutoka mdomoni vitakufa kweli. Ila akamwuliza: "Mama, onjo lako la mwisho la chumvi huwa lini?" Akajibu kwamba ni akishatoa kuni, mchuzi ukiwa umetulia. Hapo ndipo penye hatari. Chumvi ya mwisho huonjwa moto ukiwa umepungua, na sufuria hukaa likipoa taratibu hadi wanafunzi wapange foleni. Chakula kilicho chini ya nyuzi 60 na juu ya nyuzi 5 ni shamba la vijidudu, na katika hali nzuri kwao huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Isitoshe, kuna bakteria wanaoishi puani, kwenye ngozi na kwenye vidonda vya vidole, stafilokokasi, ambao wakipata saa kadhaa kwenye chakula vuguvugu huacha sumu. Ukikichemsha tena unawaua bakteria wenyewe, lakini sumu yao inastahimili moto na mtoto anatapika vilevile.

Tena kiganja kikilambwa hakiendi kunawa. Kinarudi kwenye mwiko, kwenye sahani, kwenye kitambaa. Mama aliuliza maswali mawili zaidi juu ya vidonda vya vidole, akaonyesha kimoja chake. Akaambiwa akifunike kwa plasta isiyopitisha maji na avae glavu juu yake, au apewe kazi isiyogusa chakula mpaka kipone.

Matokeo

Mwezeshaji alirudi baada ya wiki mbili, kwa saa zilezile. Matukio ya kunawa yalikuwa 28, waliyonawa 21. Nyingi kati ya 7 zilizokosa zilikuwa za simu. Nyama na matunda havikukutana.

Vitambaa vya meza vilitosha hadi mwisho, vikabaki viwili safi. Debe lilitumika kila siku isipokuwa siku moja ya mvua, ambapo vilichemshwa lakini havikukauka na kesho yake vilikuwa na harufu. Vilichemshwa upya kabla ya kutumika.

Kuonja ndiko kulikobadilika zaidi. Kiganja kilionekana mara moja tu, naye aliyekitumia alishtuka mwenyewe, akaenda kunawa. Jambo ambalo hakuna aliyelipanga ni kwamba maonjo yalipungua kutoka 9 hadi 3 kwa sufuria. Vijiko vikiwa 12 na masufuria matatu, wapishi waligundua havitoshi kwa mazoea yao, wakaanza kujiuliza kwa nini wanaonja mara zote hizo. Sababu ilikuwa chumvi kutiwa kwa konzi, na konzi ya huyu si ya yule. Walipima mara moja chumvi iliyofaa sufuria lao la maharage kwa kikombe, wakaweka alama kwenye kikombe hicho kwa msumari, na tangu hapo onjo la kwanza huwa karibu na la mwisho.

Uchambuzi

Onyesho la mkaa lilifanya kazi kwa sababu kila mpishi aliona kosa kwenye mkono wake mwenyewe, na siku ya tatu mbinu ya kunawa ilikuwa bado sahihi. Ila lilifundisha namna ya kunawa tu, wakati jiko lilikuwa na tatizo la wakati wa kunawa. Hakuna mazungumzo yanayoweza kushinda hatua 15 na mlango, kila mara, kwa mtu ambaye maharage yake yanaungua. Laiti mwezeshaji angezunguka jikoni dakika 10 kabla ya kuzungumza, angeiona ndoo iko wapi na kabati limefungwa. Aliingia moja kwa moja kwenye darasa, na siku tatu zikapotea.

Mada ya vitambaa ilidharauliwa. Dakika 5 kwa kitu kinachogusa meza, mikono na sahani zote ni chache mno, na kutaja kipimo cha klorini kwa mdomo kwa watu wenye vitambaa 5 ni kuwapa dawa bila chombo. Vitambaa vikiwa vichache hakuna kanuni ya usafi itakayosimama, kwa kuwa kila mtu atakiokota kile kilicho karibu. Kuhamia kwenye kuchemsha kulisaidia kwa kuwa kunaonekana: debe linatoa mvuke au halitoi. Ni wazi njia hiyo inafaa jiko lenye moto wa ziada mwisho wa siku. Palipo na uhaba wa nishati, klorini ingerudi, pamoja na kikombe chenye alama na ndoo ya pili ya maji safi.

Jibu la kwanza kwa yule mama lilikuwa kosa kubwa kuliko lilivyoonekana. Alileta hoja ya kweli kuhusu moto, akajibiwa kwa aibu. Mpishi mwenye uzoefu anajua moto unafanya nini, na ukimwambia vijidudu vya mdomoni vinaokoka kwenye mchuzi unaotokota, hatakuamini na utakaposema juu ya nyama na matunda. Lililomgeuza ni kuonyeshwa wakati halisi wa hatari kwenye kazi yake, yaani onjo la baada ya kutoa kuni.

Yapo ambayo hayajatatuliwa. Mikono bado hukaushwa kwa taulo moja iliyotundikwa juu ya ndoo, na kufikia saa tano inakuwa imelowa, kwa hiyo watano wanahamishiana kilekile walichokinawa. Taulo ndogo 10 zimeombwa, ziwe za kutumia mara moja na kuingia kwenye debe pamoja na vitambaa. Mpaka zipatikane, wanakung'uta mikono na kuiacha ikauke kwa hewa. Kuhusu simu, mpishi mkuu amependekeza kisanduku mlangoni, na wapishi wawili wenye watoto wadogo nyumbani wamekataa.